Uso kivulini, ukuta juani: lini timu ndogo irekodi kwa logi

Saa nne asubuhi, Mji Mkongwe, Zanzibar. Timu ya watu wawili, mmoja wa kamera na mmoja wa sauti, inataka kumhoji mzee aliyeketi barazani kwake. Amevaa kanzu nyeupe na kofia. Baraza liko kivulini, lakini nyuma yake kichochoro kinafunguka, na mwishoni kuna ukuta wa chokaa unaopigwa na jua. Ukiiweka kamera uso wake uonekane vizuri, ukuta unageuka doa jeupe lisilo na kitu ndani. Ukiuokoa ukuta, uso unazama gizani. Hapo mpiga kamera anafungua menyu na kukuta chaguo analolisikia kila siku: arekodi kwa gama ya kawaida, au kwa logi?

Jibu linalozagaa vijiweni ni kwamba logi ndiyo ya wataalamu na gama ya kawaida ni ya wanaoanza. Mimi nalikataa. Logi ni njia ya kuhifadhi mwanga wa aina fulani, nayo ina bei yake. Timu kubwa hailisikii sana deni hilo kwa sababu ina mtu wa kupima mwanga na mtu wa kugredi rangi. Timu ya watu wawili hulilipa yenyewe, mara nyingi usiku, mbele ya kompyuta ndogo.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kamera. Sensa huhesabu mwanga kama ulivyo: mwanga ukiongezeka maradufu, namba nayo inaongezeka maradufu. Wapiga picha huita kila ongezeko la maradufu stopu moja. Lakini faili la video halina nafasi ya kuandika kila namba ya sensa, kwa hiyo kamera hutumia mchoro wa kuamua mwanga upi upewe nafasi kubwa na upi ubanwe. Mchoro huo ndio gama, na tofauti yote tunayoizungumzia imo humo.

Gama ya kawaida imetokana na televisheni. Runinga za zamani za kioo cha bomba hazikuongeza mwanga sawasawa na umeme zilioletewa, kwa hiyo kamera ilipinda ishara upande wa pili ili mtazamaji aone picha sahihi. Kiwango kinachotumika hadi leo kwa video ya kawaida, Rec.709, kilianza mwaka 1990. Faida yake ni kwamba picha inatoka kwenye kamera ikiwa tayari: weusi ni weusi, weupe ni weupe, rangi zimekaa. Kikomo chake ni huko juu. Ukipima kwa kadi ya kijivu ya asilimia 18, ile inayowakilisha mwanga wa katikati, Rec.709 halisi ina nafasi ya stopu mbili na nusu tu juu ya kijivu hicho. Kinachozidi hapo kinaungua. Kamera nyingi hulainisha sehemu hiyo ya juu ili kuchelewesha kuungua, na hilo husaidia kidogo.

Logi hufanya hesabu nyingine. Badala ya kuwaza runinga, inaigawia kila stopu nafasi inayokaribia kuwa sawa, tangu vivuli hadi mawingu. Mtindo huu ulizoeleka kwenye sinema pale filamu ilipoanza kuingizwa kwenye kompyuta. Mfumo wa Cineon wa Kodak, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulihifadhi negativu kwa njia hiyo, na mchoro wa S-Log3 wa Sony umeufuata kwa karibu. Canon wana C-Log3, Panasonic V-Log, Nikon N-Log. Namba zao hutofautiana, kwa hiyo nitashika S-Log3 peke yake, maana ndiyo inayopatikana kwenye kamera nyingi za timu ndogo.

Katika S-Log3 kadi ya kijivu inakaa kwenye asilimia 41 ya kipimo cha mwanga cha kamera, na karatasi nyeupe inakaa kwenye asilimia 61. Ndiyo maana picha ya logi huonekana imepauka, kama imefunikwa na vumbi: weupe wa kanzu haufiki hata theluthi mbili ya urefu wa kipimo. Nafasi iliyobaki juu yake imeachwa kwa ajili ya mbingu, taa na kuta zenye jua. Kila stopu inachukua takriban asilimia 9, na kwenye kamera nyingi za Sony mwanga hukatika karibu na asilimia 94. Toa 41 kwenye 94, gawanya kwa 9, unapata karibu stopu sita juu ya kijivu. Gama ya kawaida ilikuwa na mbili na nusu.

Stopu hizo za ziada zinatoka wapi, wakati sensa ni ileile? Hapa ndipo wengi hupotea. Zinapatikana kwa kuipa sensa mwanga kidogo zaidi. Kamera kama Sony A7 IV inaweza kushuka hadi ISO 100 kwenye gama ya kawaida, lakini ukiiweka kwenye S-Log3 kiwango chake cha msingi kinakuwa ISO 800. Hizo ni stopu tatu. Kamera inakuambia uufunge mwanga kwa stopu tatu ili vitu vyeupe vishuke chini ya dari ya sensa. Kila kitu kinashuka pamoja navyo, hata vivuli, na vivuli vikishuka vinakaribia zile chenga za sensa. Kwa hiyo logi inanunua nafasi ya juu kwa kulipa chenga za chini. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote hukaa sawa.

Turudi barazani tupime. Ngozi ya kahawia iliyokolea hurudisha karibu asilimia 10 ya mwanga unaoiangukia, yaani iko chini kidogo ya kadi ya kijivu, si stopu kamili. Kanzu nyeupe hurudisha karibu asilimia 90, stopu mbili na robo juu ya kijivu. Kwa hiyo hata kabla ya kuutazama ukuta, kwenye gama ya kawaida kanzu tayari imegusa dari. Mpiga kamera akiona uso ni mweusi mno na kufungua lenzi kwa stopu moja, mikunjo ya kanzu kifuani inapotea na kuwa bapa jeupe. Hili ni jambo letu hasa, sisi tunaopiga watu weusi waliovaa mavazi meupe, Ijumaa baada ya Ijumaa, harusi baada ya harusi.

Sasa ukuta. Chokaa safi hurudisha karibu asilimia 80, stopu mbili na kidogo juu ya kijivu. Tuseme umepima ukaona jua la kule mwishoni linakizidi kivuli cha barazani kwa stopu nne. Jumla ni sita. Gama ya kawaida haina la kufanya hapo, na ukuta utaungua vyovyote vile. Katika S-Log3 ukuta unafika kwenye asilimia 94 au 95, ukingoni kabisa. Hapa logi inastahili kila senti ya bei yake, mradi usiongeze hata nusu stopu.

Nasisitiza hilo kwa sababu kuna ushauri uliokuwa kama sheria: kwenye S-Log3 zidisha mwanga kwa stopu moja na nusu au mbili, mpaka kipimo cha kamera kisome +1.7, kisha ushushe wakati wa kuhariri. Ushauri huo una mantiki yake. Unavipandisha vivuli juu ya chenga, na mahali ambapo hakuna kitu chenye mwanga mkali sana, picha hutoka safi. Lakini kwa mzee wetu barazani utaiunguza ileile sehemu uliyoifuata ulipochagua logi. Stopu sita ulizonazo zinageuka nne na robo, na ukuta hauko humo.

Kilicho bora ni kuacha mwanga wa kamera ulivyo na kuusaidia uso. Mtu wa sauti ashike ubao mweupe wa fomu upande wa jua, nje ya fremu, aurudishe mwanga usoni kwa mzee. Ukipata hata stopu moja, uso unapanda kutoka karibu asilimia 33 hadi 41 au zaidi, chenga zinapungua, na ukuta haujaguswa. Kanzu nayo inapanda hadi karibu 70, ambako kwenye logi haina tatizo lolote. Halafu weka zebra kwenye 94+ uisogeze kamera taratibu juu ya fremu yote. Milia ikitokea ukutani, funga lenzi robo au theluthi ya stopu mpaka ipotee. Ikitokea kwenye mng'aro wa bati au wa kioo cha pikipiki, iache, maana hata jicho halioni kitu ndani ya mng'aro huo.

Lakini kabla ya yote hayo kuna swali linaloweza kufunga mjadala: kamera yako inarekodi biti ngapi? Faili la biti 8 lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, la biti 10 lina 1,024. Katika S-Log3 kila stopu inapata ngazi karibu 79 kwenye biti 10. Kwenye biti 8 inapata 20 tu. Linganisha na gama ya Rec.709 ya biti 8, ambako stopu iliyo juu tu ya kijivu, pale unapokaa uso wenye mwanga, inapata karibu ngazi 40. Kwa hiyo ukirekodi logi kwa biti 8, uso umepewa nusu ya ngazi ambazo gama ya kawaida ingeupa, na kisha kwenye kuhariri unazivuta ngazi hizo chache zijaze runinga nzima. Dalili utaziona mbinguni kwanza: bluu ya anga inakatika mistari mistari badala ya kufifia taratibu. Halafu utaziona kwenye shavu, ambako kivuli kinaingia kwa mabaka.

Sony A7 III, ambayo bado inafanya kazi nyingi nzuri, ina S-Log3 kwenye menyu lakini inarekodi biti 8. Kuwapo kwa jina kwenye menyu hakumaanishi kwamba faili linaweza kulibeba. Kwa kamera ya namna hiyo ushauri wangu hauna kigugumizi: rekodi gama ya kawaida, panga fremu vizuri, mgeuze mzee kidogo ili ukuta usiingie. Ukiwa na A7 IV, FX30 au nyingine ya biti 10, logi ni chaguo la kweli.

Bei nyingine hulipwa mchana kwenye lenzi. Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha: kwenye jua kali, ukiwa f/16, shata iwe moja chini ya ISO. Kwa ISO 800 hiyo ni 1/800. Lakini video ya fremu 25 kwa sekunde inahitaji shata ya 1/50 ili mwendo uonekane wa kawaida, na hizo ni stopu nne za mwanga uliozidi. Ukitaka f/5.6 ongeza tatu, jumla saba. Ukitaka f/2.8 ili nyuma kulegee, jumla ni tisa. Kwenye gama ya kawaida kwa ISO 100 mahitaji hayohayo ni stopu nne na sita. Sasa angalia filta yako ya ND. Ile ya kuzungusha inayouzwa sana hushusha stopu mbili hadi tano. Inatosha kwa gama ya kawaida katika f/5.6, na haitoshi kwa logi. Mpiga kamera asiye na filta ya kutosha hukimbilia kupandisha shata hadi 1/1000, kisha mhariri anashangaa kwa nini watu wanatembea kwa kukatakata. Kama mkoba hauna ND ya stopu sita hadi tisa, usipange kupiga logi juani.

Kuna mambo ambayo logi haiyaokoi. Kwanza ni rangi ya mwanga. Logi si faili ghafi. Kipimo cha weupe kinaandikwa ndani ya picha kama kwenye gama ya kawaida, na ukikiacha kijiendeshe chenyewe kitabadilika katikati ya mahojiano, mzee akianza jibu akiwa wa njano na kulimaliza akiwa wa bluu. Kiweke kwa mkono. Pili ni skrini ya kamera. Kuna kitufe kiitwacho Gamma Display Assist kinachoionyesha picha ya logi kama ya kawaida ili macho yasichoke. Kitumie kwa kupangia fremu na kumridhisha mteja anayechungulia, lakini hakibadilishi kinachorekodiwa, na skrini yenyewe juani hudanganya. Mwanga upime kwa zebra au kwa mchoro wa kipimo.

Kisha inakuja kazi ya mezani. Klipu ya S-Log3 haiwezi kwenda hewani ilivyo, lazima itafsiriwe kuwa Rec.709. Katika DaVinci Resolve njia safi ni kifaa cha Color Space Transform, ukijaza hivi:

```
Input Color Space:  S-Gamut3.Cine
Input Gamma:        S-Log3
Output Color Space: Rec.709
Output Gamma:       Gamma 2.4
```

Marekebisho ya mwanga yafanye kabla ya hatua hii. Ukitumia faili la LUT badala yake, utaratibu huo ni lazima, kwa sababu LUT nyingi hukata weupe unaozidi, na ukijaribu kuurudisha baada yake utakuta kijivu kitupu ukutani. Baada ya tafsiri bado kuna kulinganisha klipu moja na nyingine, na hapo ndipo saa zinapokwenda. Kabla ya siku ya kazi, jaribu pia kama kompyuta yako inalifungua faili lenyewe. Video ya 4K ya biti 10 kwa megabiti 140 kwa sekunde inakula gigabaiti 63 kwa saa, na kompyuta nyingi ndogo hukwama kuicheza hata kama nafasi ipo.

Kwa hiyo gama ya kawaida ina mahali pake halali. Jioni ileile timu yetu inaitwa kupiga uzinduzi ukumbini, na klipu ya dakika mbili inatakiwa kabla ya saa nne usiku. Ukumbini taa ni za dari, kuta ni za rangi ya maziwa, hakuna dirisha. Tofauti ya kilicho angavu na kilicho giza ni stopu nne au tano tu. Zile stopu sita za juu hazina cha kubeba. Ukipiga logi hapo umelipa chenga na usiku wa kazi kwa nafasi isiyotumika. Piga gama ya kawaida, au S-Cinetone kama kamera inayo, ambayo hulainisha weupe na hupendeza kwenye ngozi bila kudai kugrediwa. Weka zebra karibu na asilimia 95 uangalie mashati meupe. Uso wa kahawia iliyokolea kwa kawaida hukaa vizuri kati ya 45 na 60. Usiulazimishe ufike 70, namba inayotajwa kwenye vitabu vingi kwa ajili ya ngozi nyeupe, maana utamchujua mtu rangi yake.

Ila utakachokiunguza kwenye gama ya kawaida kimekwenda. Kama msemaji wa ukumbini atasimama mbele ya skrini kubwa ya LED, uamuzi unabadilika: ama uombe skrini ipunguzwe mwanga, ama urudi kwenye logi na kumwambia aliyekuajiri kwamba klipu itachelewa. Siku ya mawingu mazito ni kama ukumbini, logi haikuongezei kitu. Na mkiwa na kamera mbili, moja ya biti 10 na nyingine ya biti 8, katika tukio moja zipigeni zote gama ya kawaida, kwa sababu kuzilinganisha ni kazi kubwa kuliko faida ya ile moja.

Timu inayohama kutoka logi asubuhi hadi gama ya kawaida jioni iandae mabadiliko hayo nyumbani. Kamera nyingi zina nafasi za kumbukumbu kwenye gurudumu la juu. Kwenye ya 1 hifadhi PP8, ambayo kwa Sony ni S-Log3 pamoja na S-Gamut3.Cine, ikiwa na ISO 800 na zebra 94+. Kwenye ya 2 hifadhi PP11, yaani S-Cinetone, ikiwa na ISO ya chini na zebra 95. Anayebadilisha profaili peke yake kwa haraka husahau zebra, na akaendelea kuamini milia iliyowekwa kwa ajili ya mchoro mwingine. Kila mnapobadilisha, rekodi sekunde tatu za karatasi iliyoandikwa jina la profaili kwa kalamu nene. Mhariri akipokea kadi usiku ataujua mchoro upi anaoufungua, na hatachanganya PP8 na PP9, ambayo ni S-Log3 ileile lakini ina uwanja mpana zaidi wa rangi, S-Gamut3. Mwanga wa hizo mbili unafanana, kwa hiyo kosa halionekani mpaka utazame rangi za ngozi na kugundua kwamba zimepauka wakati kila kipimo kinasema picha iko sawa.